Kilomita Tatu, Si Tano

Mwalimu Leonidas aliliachia bunda la karatasi juu ya meza kwa kishindo, hata chai ikamwagika katika sahani ya mandazi. Walimu waliokuwa wakisahihisha waliinua vichwa.

"Nani amesahihisha hili?"

Ukumbi ule ulikuwa bwalo la shule moja ya sekondari katika kata ya Nsemulwa. Walimu wa hisabati wa mkoa mzima walikuwa wamekusanyika humo kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Kila meza ilipewa swali moja: karatasi husafiri kutoka meza hadi meza, na kila mwalimu huweka alama za swali la meza yake tu. Leonidas ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo. Ndiye pia aliyelitunga swali la kumi na mbili, na ndiye aliyeandika mwongozo wa kulisahihisha.

Meza ya swali la kumi na mbili ilikuwa chini ya Mwalimu Regina Lyamba, mwanamke aliyebakiwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na ambaye hakuwahi kumruhusu mwanafunzi kuandika jibu bila kuandika kipimo chake. Katika meza hiyo walikaa pia Kassiani, mwalimu mwenye maneno mengi kutoka Ilembo, na Dorice Mwandu, binti wa wafugaji aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea katika shule moja ya Kakese huku akisubiri kuajiriwa.

Dorice alisimama.

"Ni mimi, mwalimu."

"Wewe." Leonidas alifungua karatasi ya juu na kuigonga kwa kidole. "Mwongozo unasema urefu wa MK ni kilomita tano. Huyu ameandika tatu, umempa alama sita kwa sita. Huyu hapa ameandika tano, jibu sahihi, umempa mbili! Mbili! Umejitungia mwongozo wako?"

"Mwalimu, tano si..."

"Nimekuuliza swali!"

"Ndiyo," alisema Dorice. Hakuketi. "Nilisahihisha kwa jibu la tatu."

Minong'ono ilipita ukumbini. Kumkosoa mwenyekiti ni jambo moja. Kubadili mwongozo kimyakimya ni jambo jingine kabisa, nalo halina msamaha katika chumba cha usahihishaji.

Leonidas alimgeukia Regina. "Madam, huyu anaondoka leo. Nitamwandikia mkuu wake wa shule kwamba haaminiki na karatasi za mtihani. Nahitaji sahihi yako kama mkuu wa meza."

Dorice alishika ukingo wa meza. Kila mtu pale alijua maana ya barua ya namna hiyo. Mwalimu wa kujitolea hana mshahara wala cheo; ana neno zuri la mkuu wake tu, na neno hilo ndilo atakalolipeleka siku nafasi za ajira zitakapotangazwa. Akiitwa asiyeaminika na karatasi za mtihani, hana tena cha kupeleka.

Regina hakugusa kalamu. Hasira yake ilipanda taratibu, kama maji ya maharage katika sufuria nzito, na aliyeanza kuunguzwa nayo hakuwa Leonidas.

"Dorice, wewe ni mwalimu au ni mwizi?"

"Mama?"

"Mwizi ndiye anayefanya kazi bila kuonekana. Umeona kosa katika mwongozo, ukanyamaza, ukakaa ubavuni mwangu unakula mandazi yangu, na kalamu yako nyekundu inapita njia yake. Watoto waliosahihishwa na Kassiani wamepata hukumu moja, waliosahihishwa na wewe wamepata nyingine. Hiyo ni haki?"

"Mama, nilisema," alijibu Dorice, machozi yakimlenga. "Jana, wakati wa kuoanisha alama, mwongozo uliposomwa kwa wote. Mwalimu Leonidas aliniambia nikae chini, eti nyie wa kujitolea mnapenda kujionyesha. Wewe ulikuwa umetoka kupokea mabunda."

Regina alimtazama Kassiani.

"Ni kweli, madam," alisema Kassiani, mara hii bila utani. "Alisema. Akakalishwa. Na mimi niliona aibu yake nikainama kama mbuzi mwenye kiu."

"Kwa hiyo meza yangu nzima ilijua isipokuwa mimi."

Regina alisukuma kando sahani ya mandazi.

"Lete swali," alisema Regina.

Leonidas aliguna. "Madam, tuna mabunda ya wilaya mbili hayajaguswa. Ofisi ya mkoa inasubiri matokeo. Hatuwezi kuanza darasa hapa."

"Umetaka sahihi yangu. Mimi siweki sahihi kwenye jambo nisilolikokotoa. Dorice, soma."

Dorice alisoma kwa Kiswahili, akitafsiri kutoka katika karatasi ya Kiingereza. Mlinzi wa hifadhi anatoka kwenye lango M, akiifuata barabara iliyonyooka. Kituo cha redio J kiko kilomita nane kutoka M, na mstari wa MJ unafanya pembe ya nyuzi sitini na barabara. Redio ya mlinzi hunasa mawimbi ya J ikiwa ndani ya kilomita saba tu kutoka kituoni. K ni mahali katika barabara ambapo mlinzi anaanza kuisikia J. Tafuta pembe ya K katika pembetatu MKJ, kisha urefu wa MK.

"Vema," alisema Leonidas. Aliivuta karatasi tupu, akaandika kwa mkono wa mtu aliyeandika jambo hilo mara nyingi. Alitaka wote waone. "Kanuni ya sini. Nane kugawanya kwa sini ya K ni sawa na saba kugawanya kwa sini ya sitini. Sini ya sitini ni 0.8660. Ukizidisha kwa nane unapata 6.928. Ukigawanya kwa saba, 0.9897. Nakwenda kwenye majedwali, kama mtoto anavyokwenda: nyuzi 81 na dakika 47. Pembe ya J ni kile kilichobaki, nyuzi 38 na dakika 13. Urefu wa MK, kwa sini ileile, kilomita tano. Tena nimehakikisha! Mnadhani natunga mtihani bila kuhakikisha?"

"Umehakikishaje?" aliuliza Regina.

"Kwanza, pembe tatu zinatimiza 180. Pili, upande mrefu kuliko zote, nane, unatazamana na pembe kubwa kuliko zote, 81. Tatu, gawanya kila upande kwa sini ya pembe yake: zote tatu zinatoa 8.08. Nne, kanuni ya kosini: tano mara tano, ishirini na tano, nane mara nane, sitini na nne, jumla themanini na tisa. Toa mbili mara tano mara nane mara kosini ya sitini ambayo ni nusu, yaani arobaini. Inabaki arobaini na tisa. Saba mara saba." Alitupa kalamu mezani. "Kaguzi nne. Zote zimepita. Sasa huyu binti analeta tatu kutoka wapi?"

Walimu wa meza ya jirani walitikisa vichwa kukubali. Ukaguzi ulikuwa safi. Hata Kassiani alijikuna kichwa.

Regina alivaa miwani, akaivuta karatasi ileile, akaanza chini ya mstari wa mwisho wa Leonidas. Aliandika 0.9897, akaandika pembeni yake 81°47′, halafu chini yake, kwa herufi zilizosimama wima, 98°13′. Akatoa 60 na 98°13′ katika 180, akapata 21°47′. Akafungua majedwali, akapata sini yake, 0.3711. Akazidisha kwa saba, akagawanya kwa 0.8660. Jibu likawa tatu.

Kisha akairudia safari ya kaguzi, moja baada ya nyingine. Pembe: 60, na 98°13′, na 21°47′, zinatimiza 180. Upande wa nane unatazamana na 98. Ndiyo pembe kubwa. Tatu kugawanya kwa 0.3711, 8.08. Kosini: tisa na sitini na nne, sabini na tatu, toa ishirini na nne, arobaini na tisa.

"Leonidas," alisema, "kaguzi zako zote nne zinapita na jibu lake pia."

Leonidas alivuta karatasi, akapitisha kidole juu ya namba, akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Basi yote mawili ni sahihi," alisema hatimaye. "Tuseme hivyo. Mwenye tano apate, mwenye tatu apate. Kosa la binti linabaki palepale: alimnyima mwenye tano."

"Usinifanyie biashara hapa!" Regina alipiga meza kwa kiganja, na safari hii chai iliyobaki ikamwagika yote. "Pembetatu ni mbili, hilo kweli. Ukipewa pande mbili na pembe isiyo katikati yake, unaweza kupata pembetatu mbili, na kila moja itajihakikisha yenyewe kwa kila kanuni unayoijua. Ukaguzi wako ulikuambia kwamba umepata pembetatu. Haukukuambia kwamba umepata pembetatu ya swali! Hilo hulipati kwenye majedwali. Unalipata kwenye swali lenyewe."

"Majedwali hayana nyuzi 98," alisema Leonidas, kana kwamba anajitetea mbele ya hakimu.

"Ndiyo! Majedwali yanaishia tisini! Ndiyo maana yanahitaji mtu mwenye kichwa kuyashika. Kassiani, futa ubao."

Kassiani aliufuta ubao haraka. Regina alichukua bikari ya mbao ya ubaoni, ile kubwa yenye kishikio cha chaki, pamoja na rula ndefu. Alichora barabara, mstari mmoja ulionyooka kutoka M. Akapima pembe ya sitini, akachora MJ vipande vinane. Akaifungua bikari vipande saba, akaiweka ncha yake kwenye J, akaizungusha. Tao la chaki lilishuka, likaikata barabara, likapita chini yake kidogo, kisha likapanda na kuikata barabara mara ya pili.

Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kusahihisha.

"Mlinzi anatoka hapa." Alitia nukta kwenye M. "Yuko kilomita nane kutoka kituoni, redio kimya. Anatembea. Anafika hapa, kilomita tatu, redio inaanza kulia. Anaendelea kutembea, redio inalia. Anafika hapa, kilomita tano." Aligonga mkato wa pili kwa nguvu, chaki ikavunjika. "Anapita hapa, redio inanyamaza. Wewe umewaambia watoto wa mkoa mzima kwamba redio inaanza kusikika mahali ambapo inakatika."

"Mchoro wa chaki si uthibitisho," alisema Leonidas. Lakini hakuwa akimtazama Regina tena. Alikuwa akiutazama ubao.

Dorice ndiye aliyejibu, akiwa bado amesimama palepale.

"Mwalimu, tumsimamishe kilomita nne. Hajafika tano. Kwa kosini: kumi na sita na sitini na nne ni themanini, toa thelathini na mbili, inabaki arobaini na nane. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Kwa hiyo hapo yuko ndani ya saba tayari. Anaisikia. Hawezi kuanza kuisikia tano wakati nne alikuwa anaisikia."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa mguno, akakatiza cheko lake mwenyewe.

Leonidas aliketi. Alitoa leso, akafuta shingo. Moshi wa mashamba yaliyochomwa upande wa Ilembo ulikuwa ukiingia madirishani, na kila mtu alikuwa na jasho, lakini jasho lake lilikuwa la aina nyingine.

"Meza yenu imemaliza wilaya nzima kwa mwongozo huu," alisema polepole. "Mnajua ni karatasi ngapi?"

"Tunajua," alisema Kassiani. "Tumezibeba."

"Basi tufanye hivi." Leonidas aliinuka akashusha sauti, akamsogelea Regina kama mtu anayesogelea jiko la moto. "Mwongozo narekebisha. Nitasema ni kosa la uchapaji. Mabunda yaliyopita yarudiwe swali hili tu, hata ikibidi tukeshe hapa usiku. Lakini binti anaondoka. Madam, nidhamu ni nidhamu. Kesho kila msahihishaji atajiamulia la kwake."

Regina alivua miwani. Wanaomfahamu walijua kwamba alipovua miwani, alikuwa hahitaji kusoma tena. Alikuwa amekwisha kuamua.

"Mwanangu," alisema, na neno hilo lilikuwa kali kuliko tusi, "uchapaji haukukosea. Aliyechapa alichapa ulichoandika. Binti huyu alikuambia kwa mdomo wake, mbele ya watu, nawe ukamkalisha kwa sababu hana mshahara. Ungemsikiliza, asingejificha. Alivunja utaratibu, na mimi nitamwadhibu kwa hilo, mezani kwangu, kwa kazi. Lakini ukiandika neno kwamba haaminiki, nitaandika langu. Nitaambatanisha mwongozo wako. Nitachora na tao hili. Halafu tuone ofisi itasema nani haaminiki na mtihani."

"Unanitishia?"

"Nakujulisha."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa jopo hili!"

"Basi liongoze! Kuna mtoto katika bunda hilo ambaye alichora tao kama hili kwa mkono wake, akaona mikato miwili, akachagua ya kwanza, akaeleza kwa nini. Nimeiona karatasi yake sasa hivi ulipoitupa mbele yangu. Amefanya kazi ambayo wewe hukuifanya. Mwongozo wako unampa alama mbili kwa kuandika kanuni, na sifuri kwa yote mengine. Nenda ukamwambie huyo habari ya nidhamu!"

Hakuna aliyekuwa na habari kwamba Regina aliweza kupaza sauti kiasi hicho. Hata kuku waliokuwa wakichakura nje ya mlango walikimbia.

Leonidas alisimama akiwa amekunja ngumi. Aliutazama ubao, akamtazama Dorice, akalitazama bunda. Akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona akienda hadi kwenye bomba, akifungua maji, akinawa uso, akisimama hapo bila kufanya lolote.

"Madam, ametoka kumpigia mtu simu," alinong'ona Kassiani.

"Apige."

"Na akirudi na barua?"

"Basi nami ninayo kalamu. Kung'uta shati lako, lina chaki."

Dorice alikuwa ameketi sasa, mikono mapajani. "Mama, samahani."

"Samahani ya nini? Itaje."

"Nilipaswa kukuambia wewe. Kama mkuu wa meza."

"Ulipaswa kupiga kelele. Ulipokalishwa, ungenifuata mlangoni nilikopokea mabunda ukanishika gauni. Kweli ikikaa kimya inafanana na uongo. Mtu hawezi kuzitofautisha. Umewapa watoto wa bunda moja haki yao, ukawaacha wa mabunda mengine kumi walie. Na hawa wa kilomita tano uliowapa mbili, je, yule aliyeitafuta pembe ya J hakutoa vizuri kwenye 180? Hiyo ni njia, inalipwa, hata kama pembe aliyoanza nayo si ya swali. Kwa hiyo na wewe ulidhulumu. Utazirudia zote, moja baada ya nyingine, nami nitakaa nyuma yako."

"Ndiyo, mama."

Leonidas alirudi. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa. Alipita meza ya swali la kumi na mbili bila kuitazama, akaenda mbele, akachukua chaki iliyovunjika.

"Walimu," alisema. "Swali la kumi na mbili. Mwongozo umerekebishwa. Pembe ya K ni nyuzi 98 na dakika 13. MK ni kilomita tatu. Mwenye tano atalipwa njia, hatalipwa jibu. Mabunda yote yaliyopita yanarudi meza ya kumi na mbili."

Aliandika namba hizo chini ya tao la Regina, akageuka kurudi kitini.

"Mwenyekiti," alisema Kassiani kwa upole wa kutia shaka, "samahani, kwa ajili ya kumbukumbu za jopo. Umerekebishwa na nani?"

Regina hakugeuza kichwa. Dorice alikazia macho kalamu yake nyekundu kana kwamba inaweza kumficha.

Leonidas alibana meno. Mtu angeweza kuhesabu mishipa ya shingo yake.

"Kosa la mwongozo liligunduliwa na Mwalimu Dorice Mwandu," alisema. "Wa Kakese. Nami nitaliandika hivyohivyo. Haya, kalamu! Mnanitazama nini? Mabunda yanajisahihisha yenyewe?"

Viti vilikwaruza sakafu. Vijana wawili wa meza ya jirani walianza kuyarudisha mabunda yaliyofungwa, wakiyapanga mbele ya Regina moja juu ya jingine hadi yakafika kifuani. Kassiani aliyatazama, akapumua.

"Madam, tutalala hapa hadi mvua za kwanza."

"Utalala ukimaliza." Regina alikata kamba ya bunda la juu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mwandiko mbaya, wino umechafuka, na mwishoni mwake kilomita tatu, zimezungushiwa duara. Pembeni kulikuwa na mbili nyekundu, kwa mkono wa Kassiani. Regina aliikata mbili hiyo kwa mstari mmoja mkali, karatasi ikachanika kidogo, akaandika sita, akaweka herufi za kwanza za jina lake.

"Dorice," alisema bila kuinua macho. "Inayofuata. Na soma swali kabla hujasoma jibu."